Nani Aje, Siku Gani, Saa Ngapi: Maneno ya Kipeperushi cha Uchunguzi wa Bure

Kipeperushi cha zahanati huwa na nafasi ndogo. Ni nusu ya karatasi ya kawaida, kinabandikwa kwenye nguzo ya umeme, mlango wa duka la dawa na ukuta wa ofisi ya mtendaji wa mtaa, na picha yake husambaa kwenye makundi ya WhatsApp kabla gundi haijakauka. Maneno yake ni machache mno. Hata hivyo ndiyo yanayoamua nani atakaa kwenye benchi siku ya uchunguzi na nani atabaki nyumbani. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake Tanzania, anayebaki nyumbani anaweza kuwa ndiye hasa aliyekuwa akitafutwa.

Tuchukue zahanati ya kata iliyo pembezoni mwa mji. Ni ya mfano, lakini zinazofanana nayo ni nyingi. Ina tabibu mmoja, wauguzi wawili waliofunzwa kufanya kipimo cha siki, vifaa 20 vya kufungulia uke ambavyo wauguzi huviita spekulamu, na mashine moja ndogo ya tiba ya joto. Imepanga siku ya uchunguzi wa bure, na mtu mmoja ofisini ameandika hivi:

"TANGAZO! TANGAZO! Uongozi wa zahanati unawatangazia wananchi wote kuwa kutakuwa na zoezi la upimaji wa afya BURE siku ya Jumamosi kuanzia saa 8:00 hadi saa 4:00. Tutapima saratani na magonjwa mengine. Akina mama wote mnakaribishwa. Wahi mapema, nafasi ni chache."

Mwandishi wake hakukusudia mabaya, na mengi tunayoyaona mitaani yameandikwa namna hii. Lakini karibu kila sentensi hapa itamleta asiyehusika au itamwacha nje anayehusika. Ili kuona kwa nini, inabidi kwanza tuingie ndani ya chumba cha uchunguzi.

Mwanamke akishalala kitandani, muuguzi huingiza spekulamu na kuufungua uke taratibu mpaka mlango wa kizazi uonekane. Kisha hupaka siki nyepesi, yaani asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5, kwa pamba. Husubiri dakika moja. Mahali penye chembe zilizoanza kubadilika hugeuka kuwa doa jeupe lenye mpaka unaoonekana, na palipo salama hubaki na rangi yake ya waridi. Muuguzi analiona doa hilo kwa macho yake na taa tu. Hakuna damu inayotolewa, hakuna sampuli inayopelekwa maabara, na majibu hutoka palepale. Ndiyo maana kipimo hiki kinawezekana hata kwenye zahanati isiyo na maabara kubwa.

Kinachotafutwa hapo si saratani yenyewe. Ni mabadiliko yanayoweza kuigeuka miaka mingi baadaye. Chanzo chake ni virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana na ambavyo watu wengi hupata wakati fulani maishani. Kwa walio wengi mwili huviondoa wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Vikikaa kwa muda mrefu, chembe za mlango wa kizazi huanza kubadilika polepole, na kwa mwanamke mwenye kinga nzuri safari hiyo hadi saratani huchukua miaka 15 hadi 20. Huo ndio muda ambao siku moja ya uchunguzi inaweza kuutumia vizuri: doa linaonekana, linatibiwa, na saratani haiji.

Sasa turudi kwenye "akina mama wote mnakaribishwa". Binti wa miaka 19 akija na kupimwa, huenda muuguzi akaona doa jeupe. Kwa umri wake, doa hilo mara nyingi ni la maambukizi mapya ambayo yangetoweka bila kuguswa. Atapewa tiba asiyoihitaji, au atarudi nyumbani na neno saratani kichwani, na nafasi yake kwenye foleni itakuwa imechukuliwa kutoka kwa mwanamke wa miaka 38. Kwa upande wa pili, bibi wa miaka 62 akija, kipimo hiki kinaweza kumwambia yuko salama wakati hayuko. Sehemu ya mlango wa kizazi ambako mabadiliko huanzia hurudi ndani ya mfereji baada ya hedhi kukoma, na macho ya muuguzi hayafiki huko. Kumwambia mama huyo kuwa ni mzima kwa kipimo kisichoona panapotakiwa ni kumdhulumu.

Ndiyo maana kundi linalolengwa kwa kipimo hiki Tanzania ni wanawake wa miaka 30 hadi 50. Umri huo lazima uandikwe kwa tarakimu, mahali panaposomeka kwa mbali. Na pamoja na umri, neno "akina mama" lisiachwe peke yake. Mwanamke wa miaka 41 asiyezaa, au mtawa wa kanisani, au mjane, husikia "akina mama" na kudhani anaitwa mwingine. Inatosha kuongeza: awe amezaa au hajazaa, ameolewa au hajaolewa. Kwa maneno machache, watu wengi wanapewa mlango.

Kuna kundi moja linalohitaji uangalifu wa pekee. Wanawake wanaoishi na VVU hupata saratani hii mara sita zaidi ya wengine, na kwao safari ya mabadiliko huenda haraka, hata miaka 5 hadi 10 tu. Shirika la Afya Duniani linashauri waanze kuchunguzwa wakiwa na miaka 25, si 30. Mwandishi wa kipeperushi aliyeujua ukweli huu atataka kuuandika: "wenye miaka 30 hadi 50, na wenye VVU kuanzia miaka 25". Kitabibu amesema kweli. Kijamii ametega mtego. Dada wa miaka 26 akionekana kwenye benchi hilo Jumamosi asubuhi, kila jirani aliyesoma kipeperushi anajua hali yake, au anadhani anajua. Hatakuja. Na wa miaka 27 asiye na VVU, aliyeambiwa na daktari apimwe kwa sababu nyingine, naye hatakuja.

Njia iliyo bora ni kuyagawa maneno sehemu mbili. Kwenye karatasi ya ukutani iandikwe: "Aliye chini ya miaka 30 na ameelekezwa na mtoa huduma wake, aje pia." Sentensi hiyo haimtaji mtu kwa ugonjwa wake. Kisha wahudumu wa kliniki ya tiba na matunzo, ile watu wanaiita CTC, wawaambie wateja wao mmoja mmoja wanapokuja kuchukua dawa, na wawape tarehe mkononi. Kipeperushi hakilazimiki kubeba kila kitu. Baadhi ya mialiko inapaswa kutolewa mdomoni, mlango ukiwa umefungwa.

Kosa zito kuliko yote ni lile la wenye dalili. Uchunguzi wa siku ya bure ni kwa ajili ya mwanamke anayejiona mzima. Mwanamke anayetokwa damu baada ya tendo la ndoa, au katikati ya mwezi, au miaka kadhaa baada ya hedhi kukoma, au anayetokwa uchafu wenye harufu kali usiokwisha kwa dawa, huyo hahitaji kuchunguzwa kama yuko hatarini. Anahitaji kuonwa na tabibu, na huenda akahitaji kukatwa kinyama kidogo kwa ajili ya vipimo kwenye hospitali kubwa. Kipeperushi kinapobandikwa wiki tatu kabla ya siku yenyewe, mwanamke huyo hufanya jambo la busara kwa mtazamo wake: anasubiri siku ya bure. Wiki tatu zinapita. Akifika, ana miaka 57, na anaambiwa kuwa kipimo ni mwisho miaka 50. Tangazo limemchelewesha na kumrudisha nyumbani kwa pamoja. Kwa hiyo kila kipeperushi cha namna hii kinapaswa kuwa na mstari unaowaambia wenye dalili wasiisubiri siku hiyo, waje leo, kwa umri wowote. Ningelazimika kufuta maneno mengine yote na kubakiza mstari mmoja, ningebakiza huo.

Tuje kwenye tarehe na saa, ambapo madhara ni madogo zaidi lakini hutokea kila mara.

Rasimu yetu imesema "siku ya Jumamosi". Jumamosi ipi? Karatasi hukaa ukutani miezi, na picha kwenye simu hukaa miaka. Kipeperushi cha mwaka juzi kikipakwa upya kwenye kundi la familia, wanawake watapanda bodaboda kwenda kwenye zahanati iliyofungwa. Siku, tarehe, mwezi na mwaka viende pamoja: Jumamosi, 17 Oktoba 2026. Na mwandishi aiangalie kalenda kabla ya kuchapa, maana siku isiyolingana na tarehe huwagawa watu nusu kwa nusu, wengine wakiishika siku na wengine tarehe. Aangalie pia kalenda ya mtaa. Kama mnada au gulio la eneo hilo ni Jumamosi, wanawake wenye meza sokoni hawatakuja. Kama ni mwezi wa Ramadhani, wapo watakaohofia kuwa kipimo kitawaharibia funga, na zahanati ijue mapema itawajibu nini kwa msaada wa shehe wa eneo hilo.

Saa ndiyo inayovuruga zaidi. Rasimu imesema "saa 8:00 hadi saa 4:00". Aliyeandika alikuwa akitazama saa ya kompyuta, ambayo asubuhi ya kufungua zahanati huonyesha 8:00. Msomaji wa mtaani huhesabu kwa saa zetu, na saa nane kwake ni mchana baada ya chakula. Atafika saa nane kweli, akute wauguzi wanafunga sanduku. Mwingine atashangaa inakuwaje kazi ianze saa nane na kuisha saa nne, aamue kwamba ni ya usiku au ya uongo. Dawa ni kuandika saa za Kiswahili na kutaja kipindi cha siku kila mara, kisha kurudia kwa maneno: saa 2:00 asubuhi (saa mbili asubuhi). Kipindi cha siku kikiachwa upande mmoja tu wa sentensi, utata unabaki. "Saa 2:00 asubuhi hadi saa 6:00 mchana" haina pa kukosea.

Halafu kuna tofauti kati ya saa ya kufunga na saa ya mwisho kuandikishwa. Hapa mwandishi hana budi kukaa na wauguzi na kupiga hesabu kabla ya kushika kalamu. Mteja mmoja, ukijumlisha maswali, maelezo, kipimo chenyewe na kuandika kwenye rejista, huchukua kama dakika 15. Kila muuguzi basi anaona wanawake 4 kwa saa, na wote wawili 8. Wakifanya kazi tangu saa 2:00 asubuhi hadi saa 8:30 mchana na kupumzika nusu saa, wana saa 6, yaani wanawake 48 kama hakuna lolote litakalokwama. Lakini baadhi watakutwa na doa na kutibiwa palepale, na kila mmoja wao anahitaji muda wa ziada wa kuelezwa na kufikiri. Spekulamu nazo ni 20, ambazo kwa mwendo huo huisha ndani ya saa mbili na nusu. Zikishatumika hulowekwa kwenye maji ya klorini kwa dakika 10, huoshwa, huchemshwa kwa mvuke wa presha na kuachwa zipoe, jambo linalochukua zaidi ya saa moja. Zisipoanza kupelekwa kwenye mvuke mapema, tuseme kumi za kwanza zinapomalizika, kazi yote inasimama katikati ya asubuhi huku benchi limejaa.

Ukiyaweka haya pamoja, zahanati hii inaweza kuahidi wanawake 40 bila kudanganya. Namba hiyo iandikwe. "Nafasi ni chache, wahi mapema" huwafanya watu wafike saa kumi na moja alfajiri na kugombana getini. "Tutawahudumia wanawake 40, usajili mwisho saa 6:00 mchana, atakayezidi atapangiwa siku" huwafanya wajue wanachokwendea. Ahadi ya mwisho itimizwe kwa kadi zilizoandaliwa tayari, zenye tarehe, ili mwanamke wa arobaini na moja asiondoke mikono mitupu baada ya kulipa nauli.

Neno "bure" nalo linahitaji kuambatana na kitu: bure nini? Katika mfano wetu, kipimo ni bure na tiba ya joto ni bure kwa wanaostahili siku hiyohiyo. Mashine hupasha ncha yake hadi kama nyuzi joto 100 na kugusa doa kwa muda usiofika dakika moja. Maumivu yake ni kama ya hedhi, na mteja huamka na kwenda zake. Lakini si kila mwenye doa hutibiwa hapo. Doa likifunika zaidi ya robo tatu za mlango wa kizazi, au likizama ndani ya mfereji, au likitiliwa shaka ya saratani yenyewe, mteja hupewa rufaa, na rufaa ina nauli na gharama zake. Kipeperushi kisifiche hilo, na kisiahidi bure isiyokuwapo. "Kipimo na tiba ya siku hiyo ni bure" ni maneno ya kweli. "Matibabu bure" si ya kweli.

Tiba hiyo ya papo hapo ina jambo jingine linalofika mpaka nyumbani. Baada yake mwanamke hutokwa majimaji kwa wiki kadhaa na hushauriwa kukaa bila tendo la ndoa kwa kama mwezi mmoja mpaka kidonda kipone. Mke anayerudi Jumamosi jioni na habari hiyo kwa mume asiyejua lolote anaweza kupata shida, na baadhi ya wanawake, wakilijua hilo, huamua kutokuja kabisa. Mstari mfupi unaosema "mume au mwenzi anakaribishwa kusikiliza maelezo" unasaidia. Mwanamume akielezwa na muuguzi mwenyewe, mke habebi peke yake mzigo wa kumshawishi. Wapo pia wasiokubali kuonwa na mwanamume. Kama wauguzi wote wawili ni wanawake, liandikwe wazi. Kama si hivyo, lisiandikwe, maana mwanamke akidanganywa mara moja kwenye jambo hili harudi tena, na atawaambia wenzake.

Yapo maandalizi madogo ambayo mwanamke anahitaji kuyajua kabla ya kutoka nyumbani. Akiwa hedhini, damu huzuia kuona vizuri, hivyo apange siku nyingine. Akiwa mjamzito, apige simu kwanza au aulize kliniki ya wajawazito. Kwa siku mbili kabla asiweke dawa ukeni wala kujiosha ndani, na ni vizuri ajizuie na tendo la ndoa, kwa kuwa vyote hivyo vinaweza kuvuruga kinachoonekana. Haya yasipoandikwa, siku ya tukio wauguzi watawarudisha watu waliotembea kwa miguu kutoka vijiji vya mbali kwa sababu ambayo sentensi moja ingeizuia.

Jaribu la kufunga? Hilo halihusu kipimo hiki. Nalitaja kwa sababu zahanati nyingi huunganisha siku ya saratani na upimaji wa sukari, na hapo watu huchanganya. Kama sukari itapimwa kwa aliyefunga, tangazo liseme mtu asile kwa saa nane kabla, maji ya kunywa yakiruhusiwa. Kama itapimwa bila kufunga, liseme ale kama kawaida. Ushauri wangu ni kuvitenganisha: vipeperushi viwili, na ikiwezekana siku mbili. Rasimu iliyosema "saratani na magonjwa mengine" itawaleta wanaume wenye presha kwenye foleni ya wanawake wanaosubiri kuvua nguo nyuma ya pazia, na wanawake hao wataondoka kimyakimya mmoja mmoja.

Kina mama wengine watakuja na mabinti wadogo wakidhani kuna chanjo. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya HPV nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 inatolewa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Chanjo hiyo ina utaratibu wake mashuleni na vituoni. Ikiwa haitatolewa siku hiyo, hakuna haja ya kuitaja kwenye kipeperushi. Mpokezi awe tu na jibu la kuwapa.

Baada ya yote hayo, maneno ya zahanati yetu yanaweza kuwa hivi:

"UCHUNGUZI WA MLANGO WA KIZAZI – BURE

Jumamosi, 17 Oktoba 2026
Usajili: saa 2:00 asubuhi hadi saa 6:00 mchana (saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana)
Mahali: Zahanati ya Kata, nyuma ya soko

Nani aje: mwanamke wa miaka 30 hadi 50 asiye na dalili yoyote, awe amezaa au hajazaa, ameolewa au hajaolewa. Aliye chini ya miaka 30 na ameelekezwa na mtoa huduma wake, aje pia.

Unatokwa damu baada ya tendo la ndoa, nje ya hedhi, au baada ya hedhi kukoma? Usisubiri siku hii. Njoo zahanati leo, umri wowote.

Kipimo kinagundua mabadiliko kabla hayajawa saratani. Ni dakika 15, majibu palepale. Kipimo na tiba ya siku hiyo ni bure. Wanaopima ni wauguzi wanawake. Mume au mwenzi anakaribishwa kusikiliza maelezo.

Kama uko hedhini au una mimba, piga simu tukupangie siku nyingine. Siku mbili kabla, usiweke dawa ukeni, usijioshe ndani, na ujizuie na tendo la ndoa.

Tutawahudumia wanawake 40. Atakayezidi atapangiwa siku."

Chini yake iwekwe namba ya simu ya zahanati, ambayo mtu atakayeipokea ameshasoma kipeperushi. Ni maneno mia moja na arobaini hivi, mengi zaidi kuliko rasimu, lakini hakuna linalokaa bure. Utaona neno saratani halipo kwenye kichwa. Nimelishusha chini, kwenye sentensi inayosema mabadiliko hugunduliwa kabla. Kichwa chenye herufi kubwa za SARATANI huwatisha watu wasisome kinachofuata. Kulifuta kabisa nako si sawa, kwa sababu mwanamke ana haki ya kujua anapimwa nini.

Maneno hayo yatasomwa pia kwa sauti: msikitini baada ya swala, kanisani wakati wa matangazo, na kwenye gari lenye spika linalopita mitaani. Gari likipita, msikilizaji hupata sentensi moja au mbili tu. Msomaji wa matangazo apewe toleo fupi lililoandikwa, asiachiwe afupishe mwenyewe, maana yeye ataacha umri na kubakiza "bure". Toleo hilo lisiwe zaidi ya hivi: "Wanawake wa miaka 30 hadi 50, uchunguzi wa mlango wa kizazi ni bure, Jumamosi tarehe 17 Oktoba, saa mbili asubuhi, Zahanati ya Kata. Mwenye kutokwa damu isiyo ya kawaida asisubiri, aje leo." Kabla ya kuchapa, karatasi isomwe na wanawake wawili watatu wa mtaani ambao si wahudumu wa afya, kisha waulizwe: je, dada yako wa miaka 28 anaweza kuja? Saa ngapi utatoka nyumbani? Jirani anayetokwa damu afanye nini? Wakijibu tofauti, mstari husika uandikwe upya.

Siku yenyewe, rejista ndiyo itakayosema kama kipeperushi kilifanya kazi. Safu ya umri ikionyesha kuwa robo ya waliofika wana miaka chini ya 25, mstari wa "nani aje" haukusomeka au msomaji wa gari aliuruka. Waliofika baada ya saa sita wakiwa wengi, tatizo ni saa. Muuguzi wa mapokezi akiuliza kila mmoja "umesikia wapi?" na kuweka alama, zahanati itajua mwezi ujao kama itumie fedha kwenye karatasi au kwenye spika. Na jioni ya Jumamosi hiyo mhudumu wa afya ngazi ya jamii azungukie nguzo na kuta azibandue karatasi, kisha aandike kwenye makundi yaleyale ya WhatsApp kwamba siku ya uchunguzi imepita, na kwamba wauguzi hao wawili bado wapo zahanati, pamoja na siku za wiki wanazopima.